Nunua Kabla ya Giza: Hesabu ya Kashpawa na Bidoni za Maji



Hebu fikirini usiku huu ambao wengi wenu mmekwisha kuuona. Ni saa mbili. Mtoto anarudilia masomo yake, mama anapanga vitu vya kesho, mara taa zinazima. Mtu anatoka nje, anaona kwa jirani kunawaka. Kumbe hii siyo delestaji. Ni konteri ya nyumba yenu imefika sifuri. Kijana anatumwa haraka kutafuta tokeni. Ajenti wa kwanza amefunga. Wa pili yuko wazi, lakini rezo haiko. Feza iko mfukoni, na nyumba inalala katika giza.

Mwezi huu ukurasa wetu unataka kuongea juu ya giza la namna hiyo tu. Delestaji na waya zilizoanguka siyo kazi yako, ni ya wenye kampuni. Lakini sifuri ya konteri ni hesabu ya nyumba, na hesabu hiyo inaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye kaye na biki.

Butembo na Beni ziliishi miaka mingi bila umeme wa serikali wa kutegemea. Mwenye duka alikuwa na moteri yake, mwenye moteri aliuzia majirani umeme wa saa chache za jioni, na wengine walibaki na taa ya petroli. Sheria ya tarehe 17 Juni 2014 iliruhusu kampuni nyingine, mbali na SNEL, kutengeneza na kuuza umeme katika nchi yetu. Hata kabla ya sheria hiyo, mwaka 2013, kituo kidogo cha maji cha Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, kilianza kutoa umeme, na mwaka 2015 kikafuata kile cha Matebe kule Rutshuru. Pamoja na umeme huo ikaingia konteri ya kulipa mbele, ile watu wanayoiita kashpawa. Zamani fakture ilikuja mwisho wa mwezi, ukagombana nayo. Sasa unalipa kwanza, unatumia nyuma. Desturi ya feza katika nyumba inapaswa kubadilika pia.

Tokeni ni kitu gani?

Ukilipa kwa ajenti au kwa telefone, unapewa namba 20. Namba hizo zimefungwa kwa konteri yako peke yake. Ukimpa jirani, konteri yake itazikataa. Na zinaingia mara moja tu. Ukizipiga mara ya pili, konteri itakataa, maana inakumbuka namba ilizokwisha kupokea.

Jambo la kushika sana ni hili: ndani ya namba zile hakuna feza. Kuna yuniti, ndiyo kusema kilowati-saa, zile zinazoandikwa kWh kwenye kioo cha konteri. Feza inageuka kuwa yuniti pale pale unaponunua, kwa bei ya siku ile. Basi, yuniti zikiisha kuingia katika konteri, bei ikipanda kesho haiziguzi. Lakini na wewe huwezi kuzigeuza tena kuwa feza. Mtoto akipata homa usiku, hospitali haitapokea yuniti za konteri yako. Na ukihama nyumba ya kupanga, yuniti zinabaki ukutani na mwenye nyumba.

Ndiyo maana kuna makosa mawili, na yote mawili ni mabaya. Wa kwanza ananunua kidogo kidogo kila siku, na kila siku yuko karibu na sifuri. Wa pili anapata feza ya karieri, anaimwaga yote katika konteri, na kisha juma moja anatafuta mkopo wa unga. Njia nzuri iko katikati: kununua kwa hatua. Kujua hatua yako ni ya kiasi gani, unahitaji hesabu tatu.

Hesabu ya kwanza: siku moja inakula ngapi

Chagua saa moja ambayo utaishika kila siku, kwa mfano saa moja jioni. Soma kWh zilizobaki katika konteri, uandike katika kaye pamoja na tarehe. Fanya hivyo juma nzima. Kazi hii mpe kijana mmoja wa nyumba, hata wa miaka 12 anaiweza vizuri, na mara nyingi anasahau kidogo kuliko watu wakubwa.

Tuchukue nyumba moja ya mfano, kule Bulengera mjini Butembo. Papa anafanya kazi katika karieri ya zahabu upande wa Manguredjipa, anatuma feza pale inapopatikana. Mama anabaki na watoto wanne, na ana frigo ambamo anauza juisi na samaki wa baridi. Jumatatu jioni konteri ilionyesha 31.4. Jumatatu iliyofuata ilionyesha 10.4, na katikati hawakuingiza tokeni yoyote. Toa 10.4 katika 31.4, unabaki na 21. Gawanya kwa siku 7. Nyumba hii inakula yuniti 3 kwa siku.

Angalia jambo moja: kama juma lile lilikuwa na delestaji nyingi, hesabu itakudanganya. Umeme ukikatika, konteri haihesabu, na wewe utafikiri nyumba yako inakula kidogo. Andika katika kaye siku ambazo umeme ulikosekana kwa saa nyingi, uziache nje ya hesabu, ao upime juma lingine.

Kisha tafuta nani katika nyumba anakula sana. Kwa frigo, njia ni rahisi. Watu wakienda kulala, zimisha kila kitu isipokuwa frigo, na usisahau telefone na televizyo. Soma konteri saa tatu usiku, soma tena saa kumi na mbili asubuhi. Katika nyumba yetu ya mfano, kwa saa hizo 9 zilitoka yuniti 0.6. Kwa saa 24 inakuwa 1.6. Mchana frigo inafunguliwa mara nyingi na inaweza kula zaidi kidogo, lakini kwa kuanza namba hii inatosha.

Vitu vingine unaweza kuvihesabu kwa kusoma wati zilizoandikwa nyuma yake. Resho ya umeme ya wati 1000 ikiwaka saa moja inakula yuniti 1 kamili. Ampuli nne za LED za wati 9, zikiwaka saa 5 jioni, zote pamoja hazifikii yuniti 0.2. Televizyo ya wati 50 kwa saa 4 ni yuniti 0.2. Basi katika nyumba yetu, frigo ni 1.6, resho ni 1, taa na televizyo na telefone ni 0.4. Jumla ni 3, sawa na kaye ilivyosema. Umeona? Wazazi wengi wanagombeza watoto juu ya ampuli moja iliyosahauliwa, na resho haigombezwi na mtu. Kitu kinachotoa joto, yaani resho, pasi, ao mashini ya kuchemsha maji, ndicho kinachonywa konteri.

Hesabu ya pili: mstari wa kununulia

Watu wengi wananunua pale konteri inapoanza kulia ao kuwaka taa nyekundu. Hapo umechelewa. Konteri haijui kwamba kesho ni siku ya yenga, wala kwamba mji utafungwa. Wewe unajua.

Jiulize: kama leo naamua kununua, katika hali mbaya inaweza kunichukua siku ngapi mpaka tokeni iingie? Huku kwetu hesabu hiyo siyo ya kucheza. Kunaweza kuitishwa vile morte ya siku mbili, maduka yote yakafungwa. Siku moja nyingine rezo inaweza kukosekana. Siku moja nyingine feza ya karieri inakawia juu ya njia, iwe ni matope ao usalama. Nyumba yetu ya Bulengera ilihesabu siku 4. Wanakula yuniti 3 kwa siku, basi mara 4 ni yuniti 12.

Hiyo 12 ndiyo mstari wao. Wameiandika kwa chaki ukutani karibu na konteri. Konteri ikifika 12, wananunua, siyo kesho kutwa. Maana yake ni kwamba siku ya kawaida konteri yao haiteremki chini ya 12 kwa muda mrefu. Yuniti zile 12 ni ghala. Haziliwi isipokuwa siku ya shida.

Kuanzisha ghala kunauma mara moja tu. Bei ya yuniti haifanani kila mahali, basi hapa tutatumia namba ya mfano: tuseme yuniti moja ni franka 600. Wewe weka bei ya kwenu, utaipata kwa kugawanya feza uliyolipa kwa yuniti zilizo katika risiti. Kwa franka 600, ghala la yuniti 12 ni franka 7,200. Nyumba isiyoweza kuitoa mara moja inaweza kuongeza yuniti 2 ao 3 juu ya kila ununuzi wa kawaida, na kwa juma 4 ao 6 ghala limesimama. Katika wakati huo, usile ile nyongeza kwa kusema "konteri bado iko juu."

Hesabu ya tatu: hatua

Sasa, unanunua kiasi gani kila mara? Hapa kuna mizani. Ukinunua mara nyingi, unalipa mara nyingi gharama ya kutuma feza ao faida ya ajenti, na unapoteza wakati wa kwenda na kurudi. Ukinunua mara moja kwa mwezi, gharama ni ndogo, lakini unafunga feza nyingi mahali ambapo haitoki.

Tuone kwa nyumba yetu. Kwa mwezi wa siku 30 wanakula yuniti 90, ni franka 54,000. Tuseme kila ununuzi unadai gharama ya franka 300. Wakinunua kila siku, gharama peke yake ni franka 9,000 kwa mwezi. Kwa bei yetu ya mfano hizo ni yuniti 15, siku 5 za umeme zilizopotea njiani! Wakinunua kila juma, mara 4, gharama ni franka 1,200, ndiyo yuniti 2 tu. Wakinunua mara moja, gharama ni franka 300, lakini lazima mama awe na franka 54,000 mkononi siku moja, na feza ile ndiyo inayonunua samaki wa kuuza.

Toka kila siku kwenda kila juma, nyumba inaokoa franka 7,800. Toka kila juma kwenda kila mwezi, inaokoa 900 tu. Basi hatua ya juma moja, yaani yuniti 21 kwa franka 12,600, ndiyo inayowafaa. Mama anaweka franka 1,800 kila jioni katika kopo la umeme kutoka feza ya juisi na samaki, kabla ya kuhesabu faida. Siku ya saba kopo lina hatua nzima, na gharama ndogo ya kutuma anaiongeza. Kama siku ya sokoni kwako ni moja kwa juma, nunua jioni ya siku ile, na ununue mchana kungali na jua, siyo usiku.

Na papa akituma feza nyingi kwa mara moja? Nyumba yetu ina sheria: konteri inapata hatua mbili, isizidi. Hizo ni siku 14, pamoja na ghala. Feza nyingine inabaki feza, kwa ajili ya shule, dawa na chakula, maana karieri inaweza kunyamaza mwezi mzima. Lakini kama imetangazwa kwamba bei ya umeme itapanda tarehe fulani, hapo hatua ya tatu ina maana, kwa sababu yuniti zilizoingia zinabaki na bei ya zamani.

Feza ikikosekana kwenye mstari

Sasa tufike kwenye mtihani wenyewe. Konteri imeonyesha 12, na kopo ni tupu kwa sababu mtoto aliugua. Karieri haijatuma. Nyumba isiyo na mpango itaendelea kama jana, na kwa siku 4 itakuwa gizani na samaki wanaoharibika. Nyumba yetu inateremka kwa ngazi.

Kwenye 12 wanazimisha resho na pasi. Wanarudi kwa mbabula na makala. Sasa nyumba inakula 2 kwa siku, badala ya 3. Zile yuniti 12 zilizokuwa za siku 4 zimekuwa za siku 6.

Kama siku 3 zimepita na feza haijafika, konteri inaonyesha 6. Hapa ndipo penye uamuzi mgumu: mama anauza samaki wote kwa bei ya chini, hata bila faida, na anazimisha frigo. Kuuza bila faida kunaumiza, lakini anarudishiwa mtaji wake. Samaki wakiharibika, mtaji wenyewe umekwenda. Na yuniti 6 bila frigo, kwa taa na telefone na televizyo, ni 0.4 kwa siku. Gawanya: siku 15 za taa. Watoto wataendelea kusoma jioni nusu mwezi, na kwa muda ule feza itapatikana.

Angalia kwamba uamuzi ulifanywa kwenye 6, siyo kwenye 1. Kwenye 1 hakuna wakati wa kutafuta wanunuzi. Basi andikeni ngazi zenu mapema, mkiwa na amani, baba na mama pamoja. Usiku wa giza si wakati wa kikao.

Parsele moja, konteri moja

Kwa Butembo na Beni nyumba mbili ao tatu za parsele moja hutumia konteri moja. Hapa ugomvi huanza kwa maneno haya: "Sisi tuna taa tu, kwa nini tulipe sawa na wenye frigo?" Na mwenye kusema hivyo mara nyingi ana haki. Hesabu ya juu inawasaidia. Kila nyumba ihesabu wati na saa zake, zipatikane sehemu. Kama nyumba ya frigo inakula 2 kwa siku na nyumba mbili nyingine zinakula 0.5 kila moja, jumla ni 3, basi katika kila franka 600 mwenye frigo atoe 400, na wengine 100 kila mmoja. Kuna pia konteri ndogo za ndani ambazo fundi anaweza kufunga kwa kila nyumba. Haziuzi tokeni, zinahesabu tu, na zinamaliza maneno.

Mtu mmoja ashike kopo, mwingine ashike kaye. Na kaye ininginie mahali kila mtu anaweza kuisoma.

Maji: ghala lake liko nje ya konteri

Umeme huwezi kuuweka katika ndoo. Ghala lake ni yuniti ndani ya konteri. Maji yako kinyume: feza ya maji katika kadi ao katika konteri haikusaidii kama bomba limekauka. Ghala la maji ni maji yenyewe, katika bidoni.

Mjini Kampala, kampuni ya maji ya serikali imeweka robine za mtaa za kulipa mbele: mtu ana kifaa kidogo kama ufunguo, anakijaza feza, anakigusisha, maji yanatoka kwa kiasi alicholipia. Mtaa wa Mathare, Nairobi, ulipata mashini za namna hiyo mwaka 2015, za kadi, na bidoni ya litri 20 iliuzwa nusu shilingi ya Kenya. Huku kwetu, familia nyingi zinanunua maji kwa bidoni kwenye robine ya mtaa, ao zinateka kwenye chemchem. Basi usiseme "sisi hatuna maji ya kulipa mbele." Ukinunua kwa bidoni, umekwisha kulipa mbele, na bidoni ndiyo tokeni yako.

Hesabu ni ile ile. Metre kibe moja ni litri 1,000, ndiyo bidoni 50 za litri 20. Hesabu bidoni zinazoisha kwa juma. Tuseme nyumba yetu ya watu watano ambao wako nyumbani inamaliza bidoni 42, ni 6 kwa siku. Kwa mstari, jiulize tena: maji yanaweza kukosekana siku ngapi? Kumbuka kwamba robine nyingi zinategemea pompi, na pompi inategemea umeme ao mazuti. Siku umeme unapokatika katika mtaa mzima, maji yanaweza kufuata nyuma.

Lakini bidoni 24 za siku 4 ni nyingi, na si kila nyumba ina nafasi. Hapo gawanya matumizi. Maji ya kunywa na kupika ni kidogo: nyumba yetu inatumia bidoni 2 kwa siku. Hizo ndizo za kuwekea ghala kamili: bidoni 8 kwa siku 4, zenye kifuniko, zimeoshwa. Kufua na kuosha nyumba kunaweza kungoja, ao kufanywa na maji ya mvua kutoka bati. Ghala la maji lizungushwe: bidoni iliyojazwa kwanza itumiwe kwanza, na mpya iende nyuma. Chora namba juu ya kila bidoni, kijana atajua mara moja ipi ina zamu. Na maji ya kunywa, hata kama yalitoka robine, yachemshwe ao yatiwe dawa kabla ya kunywa, maana yamekaa.

Mambo yanayoharibu hesabu

Mara nyingine umefanya yote vizuri na bado namba hazilingani. Anza kwa kusoma konteri kabla ya kuingiza tokeni na baada. Konteri ilikuwa 12.2, risiti inasema 21.0, lazima uone 33.2. Ukiona hivyo, tokeni ni sawa. Kama tatizo ni kwamba risiti yenyewe ina yuniti chache kuliko kawaida kwa feza ile ile, soma mistari yake yote: pengine kuna kodi, pengine deni la zamani linakatwa kidogo kidogo, pengine bei imebadilika. Wenye ndugu Bwera ao Kasese watakuambia kwamba Uganda yuniti 15 za kwanza za mwezi zina bei ya chini, na zinazofuata zina bei ya juu. Basi mtu anaweza kufikiri ameibiwa, kumbe ni ngazi ya bei. Uliza kampuni yenu kama na kwenu iko ngazi ya namna hiyo.

Kama yuniti zinashuka haraka na hujui sababu, zimisha swichi kubwa ya nyumba, ile iliyo baada ya konteri. Kwenye konteri kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa kufuatana na matumizi. Kama imeandikwa 1000 imp/kWh, mapepeso 1,000 ni yuniti moja. Ukizimisha swichi kubwa, taa hiyo inapaswa kutulia. Ikiendelea kupepesa, kuna waya unaopita kando ya swichi, ao mtu anakula umeme wako. Usifungue konteri mwenyewe. Ita kampuni, na uwaonyeshe kaye yako. Mtu mwenye namba za juma tatu anasikilizwa kuliko mtu mwenye kelele.

Tokeni zisikae kwenye telefone bila kuingizwa. Ziingize siku ile ile, kwa utaratibu wa kununua: ya kwanza kwanza. Konteri zinazotumia namba 20 zinapima pia tokeni ilitengenezwa lini, na tokeni ya zamani sana inaweza kukataliwa. Saa ya mfumo ule, iliyoanza kuhesabu mwaka 1993, ilijaa tarehe 24 Novemba 2024, na konteri zote za namna hiyo zilipaswa kupewa namba mbili za kubadilisha ufunguo. Kama umehamia nyumba ambayo konteri yake ililala tangu kabla ya tarehe ile, itakataa tokeni yako mpya hata kama ni nzuri. Usinunue nyingine. Peleka namba ya konteri kwa kampuni uombe namba zile mbili, uziingize kwanza, kisha ndiyo tokeni.

Na ujumbe wa tokeni usiufute katika telefone mpaka konteri imeipokea. Telefone ikiibiwa kabla, ajenti ao kampuni wanaweza kutafuta namba kwa kutumia namba ya konteri na siku ya malipo. Kwa hiyo namba ya konteri iandikwe pia katika kaye, kwenye ukurasa wa kwanza.

Jioni ya leo, basi, fungua kaye. Andika tarehe, saa moja, na kWh unazoziona. Chini yake chora mistari miwili, mmoja wa umeme na mmoja wa bidoni, uache nafasi ya siku saba. Baada ya juma moja utajua siku yako inakula ngapi, na chaki itajua mahali pa kuandika mstari ukutani.